Kuchagua picha ya mbele ya wasifu wako wa kutafuta mchumba

Mtu anayepitia programu ya kutafuta mchumba hukutana na picha yako kabla ya neno lolote uliloandika, na uamuzi wake wa kwanza huja haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu nyuso za wageni kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Maoni waliyotoa kuhusu nani anaaminika na nani anavutia yalikaribiana sana na ya watu waliotazama nyuso zilezile bila kikomo cha muda. Muda wa ziada uliwaongezea hasa uhakika juu ya kile walichokwisha kuamua.

Kwa hiyo picha ya mbele ina kazi moja: katika kitambo hicho kidogo ionyeshe uso wako, uso huo uwe wako kweli, na uonekane wa mtu ambaye mgeni angethubutu kumsalimia. Mimi ni mpiga picha wa studio, na bado huwa nawashauri watu waanze na galari ya simu zao kabla ya kunilipa. Picha inayofaa mara nyingi imo humo tayari, imepigwa na ndugu au rafiki siku ya kawaida. Tatizo ni kwamba wengi huanza na swali la "nimependeza wapi?", na swali hilo huwapeleka kwenye picha mbaya. Fuata mpangilio huu: ondoa kwanza zisizoonekana vizuri, kisha zinazodanganya, halafu kati ya zilizobaki utafute yenye ukunjufu.

Nitaeleza kwa mfano wa binamu yangu, mwalimu wa sekondari mwenye miaka 33 anayeishi Tanga, aliyeniruhusu kuzungumzia picha zake bila kumtaja jina.

Hatua ya kwanza: kusanya

Chukua picha za miezi 12 iliyopita tu. Fungua folda mpya na uweke humo picha sita hadi kumi zinazokuonyesha uso, hata zile usizozipenda. Waombe na watu wako wa karibu zile walizokupiga, kwa sababu picha nzuri zaidi za mtu huwa kwenye simu za wengine. Waambie wakutumie kwa WhatsApp kama hati, au wachague ubora wa juu kabla ya kutuma. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na ikishapita kwenye makundi mawili matatu, nyusi na kope huanza kuyeyuka.

Binamu yangu alileta saba. Ya kwanza alipigwa harusini na mpiga picha, akiwa amepambwa kuanzia kope hadi kucha. Ya pili ilikuwa selfi ya chumbani chini ya taa ya dari. Ya tatu alikuwa ufukweni Raskazone jua likizama nyuma yake. Ya nne alisimama na walimu wenzake wanne uwanjani shuleni. Ya tano alikuwa kibarazani kwa mama yake akichambua mchele, ameinua uso akicheka. Ya sita ni ya pasipoti. Ya saba ilikuwa ya mwaka 2019, aliyoiingiza kinyemela ingawa nilimwambia miezi 12, kwa kuwa "hiyo kaka ndiyo nilikuwa nimetoka hasa".

Hatua ya pili: ondoa zisizoonekana vizuri

Punguza kila picha hadi iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Njia rahisi ni kuziangalia kwenye mpangilio wa galari wenye vijipicha vidogo vingi, simu ukiwa umeinyoosha mbele kwa urefu wa mkono. Katika programu nyingi picha yako huonekana mara mbili, kubwa wima mtu anapopitia wasifu na ndogo ndani ya duara kwenye orodha ya ujumbe. Kama kwenye udogo huo huoni macho yako yako wapi, picha hiyo haifai kukaa mbele. Itafaa ya tatu au ya nne, ikiwa ina habari nyingine ya kusimulia.

Picha za pamoja hufia hapa. Binamu yangu na wenzake wanne walikuwa nyuso tano za ukubwa wa punje ya mtama. Anayepitia wasifu hana sababu ya kukaa akibahatisha wewe ni yupi.

Mwanga unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio unaoangusha picha nyingi za huku kwetu. Kamera ya simu hutazama mwangaza wa eneo zima na kutafuta kadiri ya wastani. Nyuma yako kukiwa na anga, bahari inayomeremeta au ukuta mweupe, kamera huona eneo limejaa mwanga, hivyo hupunguza, na anayeumia ni uso. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo uso unavyozama zaidi, hadi yanabaki meno tu. Picha ya Raskazone ilikuwa hivyo. Anga lilitoka la rangi ya embe bivu na dada akawa kivuli chenye umbo la dada. Alijaribu kuipandisha mwangaza baadaye, na uso ukajaa chenga za kijivu, kwa kuwa pale kwenye giza kamera haikuwa imeandika kitu cha kupandishwa.

Jua la saa sita mchana nalo lina ubaya wake. Linapiga utosini, nyusi zinatupa kivuli, na macho yanageuka mashimo mawili. Mtu mchangamfu kabisa huonekana amekasirika. Taa ya dari chumbani hufanya jambo hilohilo usiku. Mwanga ulio bora ni wa kivuli kilicho wazi: barazani, chini ya mwembe mpana, mlangoni ukitazama nje. Hapo mwanga huingia kwa upande au kwa mbele, laini, na ngozi hutoka na rangi zake zote, ule wekundu wa chini na ule mng'ao wa shavuni. Ukitaka kujua kama picha ina mwanga wa namna hiyo, ikuze uangalie mboni za macho. Ukiona kijidoa cheupe kimoja kinachong'aa katika kila jicho, mwanga uliingia vizuri, na jicho lenye kijidoa hicho huonekana hai hata kwenye picha ndogo.

Baada ya hatua hii binamu yangu alibaki na tano: harusi, selfi, kibaraza, pasipoti na ile ya 2019.

Hatua ya tatu: ondoa zinazodanganya

Hapa nina msimamo mkali. Picha ya mbele ni ahadi kwa mtu utakayekutana naye ana kwa ana, na kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu ambaye hajawahi kukuona, akiwa na picha hii moja tu, angekutambua ukishuka kwenye basi stendi? Usijijibu mwenyewe. Muulize mtu aliyekuona mwezi huu, na umuulize kwa maneno hayohayo.

Picha ya 2019 ilianguka mara moja. Tangu hapo binamu yangu amenenepa na ameanza kuvaa miwani kila siku. Hakuna kasoro katika hayo yote, lakini mtu aliyempenda wa 2019 angekuja stendi kumpokea mtu mwingine.

Selfi ilihitaji uchunguzi. Kwanza kuna suala la umbali. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu ya namna umbali wa kamera unavyobadili pua: kwa umbali wa takriban sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana kamera ikiwa mbali kiasi cha mita 1.5. Sababu ni jiometri tu. Kitu kilicho karibu zaidi na kamera hukua, na katika uso pua ndiyo iliyotangulia, huku masikio yakirudi nyuma na kusinyaa. Kwa hiyo selfi ya mkono uliokunjwa hukuonyesha sura ambayo hakuna mtu anayekaa mbele yako mezani huiona. Picha iliyopigwa na mwenzako kutoka hatua mbili, kwa kamera ya nyuma, iko karibu zaidi na ukweli.

Pili kuna kulainishwa kwa ngozi. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja na kipengele cha urembo kikiwa kimewashwa tayari kwenye kamera ya mbele, na wengi hawajui kama kipo. Dalili ziko wazi ukikuza picha. Vinyweleo vya ngozi havionekani, alama ya utotoni imefutika, mstari wa nywele kwenye paji umekuwa ukungu. Tazama pia kilicho nyuma karibu na taya. Ukingo wa mlango au mstari wa vigae ukipinda kidogo pale unapokutana na shavu, simu imekupunguza uso bila kukuuliza. Kwenye selfi ya binamu yangu, fremu ya dirisha ilijikunja kando ya kidevu. Kidoa chake cheusi juu ya mdomo, ambacho sisi wote tunamtambua nacho, kilikuwa kimetoweka.

Kuhusu rangi ya ngozi, tofautisha kurekebisha mwangaza na kubadili mtu. Picha nzima ikiwa na giza kidogo, ipandishe kidogo, hakuna ubaya. Kipimo ni mkono wako: kaa kwenye kivuli cha mchana, weka mgongo wa kiganja kando ya skrini, na utazame. Uso wa pichani na mkono viwe vya mtu mmoja. Kama uso umekuwa wa ndugu yako mweupe, rudisha ulikotoka.

Picha ya harusi ilituletea mjadala, na nadhani wengi wataukabili. Ilikuwa safi, ya karibuni, ya kamera nzuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani yake. Lakini kope za kubandika, nyusi zilizochorwa upya na poda iliyopaka kivuli shavuni vilikuwa vimejenga sura nyingine juu ya sura yake. Mama yake aliitazama akasema, "Amependeza mwanangu, ila siku hiyo hata mimi nilimpita mlangoni." Tukaiweka kando kwa matumizi mengine. Nisieleweke vibaya kuhusu urembo na nywele. Kama hujipaka wanja na rangi ya mdomo kila unapotoka, picha yenye wanja na rangi ya mdomo ndiyo ya kweli. Wigi, rasta, twende kilioni, kilemba, mtandio, vyote ni sawa ikiwa ndivyo unavyoishi. Msuko hubadilika kila baada ya wiki chache na hakuna anayeuhesabu kuwa uongo. Kinachohesabiwa ni umbo la uso, mwili, rangi, umri, na vitu vya kudumu kama miwani, ndevu au upara. Kaka mwenye upara anayejificha chini ya kofia kwenye picha zote sita amejiwekea siku ya kuivua, na siku hiyo itakuja.

Hatua ya nne: tafuta ukunjufu

Zilibaki mbili, pasipoti na kibaraza. Zote zilikuwa wazi na za kweli. Ya pasipoti ilikuwa na uso wote, mwanga sawa, macho mbele, na haikuwa na mtu ndani yake. Picha za vitambulisho hupigwa hivyo kwa makusudi, mdomo umefungwa na uso hauna hisia. Ukiiweka mbele ya wasifu, msomaji anahisi kama amefungua faili la ofisi.

Ukunjufu huonekana zaidi machoni. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba katika tabasamu la furaha ya kweli kuna misuli miwili inayofanya kazi, mmoja unaovuta pembe za mdomo na mwingine unaozunguka jicho. Ule wa mdomo tunauamuru tunavyotaka. Ule wa jicho ni mgumu kuuamuru, huja wenyewe mtu anapofurahi. Ndiyo maana "semeni chizi" hutoa meno mengi na macho baridi. Fanya jaribio hili: funika mdomo wa pichani kwa kidole na utazame macho peke yake. Kope za chini zimepanda kidogo? Kuna mikunjo midogo kwenye pembe za nje? Shavu limesogea juu? Kama bado unaona mtu anayefurahi, picha ina bashasha. Kama macho yaliyobaki yanaonekana yanasubiri foleni, tabasamu lilikuwa la mdomo tu.

Wapo watu wasiocheka kwa meno, na hawalazimiki. Uso uliotulia, kidevu kisichoinuliwa kwa majivuno, mabega yaliyoshuka, macho yanayomtazama mpiga picha kama mtu anayemsikiliza, huo nao ni ukunjufu. Ninachowakataza hasa wanaume ni ile picha ya kukunja uso na kuegemea gari, mikono kifuani. Mbele ya wenzake huenda anaonekana imara. Mwanamke asiyemjua anajiuliza kama ni salama kukutana naye.

Picha ya kibarazani ilipigwa na mpwa wake akiwa amekaa ngazini, hatua mbili hivi kutoka kwake. Alimwita, naye akainua uso kutoka kwenye ungo kabla hajapata nafasi ya kujitengeneza. Macho yalikuwa yamejikunja, miwani imeshuka kidogo puani, kidoa cha mdomoni kiko mahali pake, na mwanga wa ua uliingia kutoka upande wa kushoto. Mpwa alikuwa amepiga mfululizo, kama watoto wafanyavyo, kwa hiyo tuliangalia na picha zilizoifuata na kuitangulia. Katika moja macho yalikuwa yamefumba kwa kicheko, katika nyingine mdomo ulikuwa katikati ya neno. Ya tatu ndiyo ilikuwa na kicheko kinachotulia na macho yaliyofunguka, tukachukua hiyo. Picha za kawaida zina faida hii kubwa, ndugu zake wa sekunde moja kabla na moja baada wapo. Usiridhike na uliyoiona kwanza.

Hatua ya tano: wape wengine neno la mwisho

Binamu yangu hakuipenda. "Kaka, sura imeenda upande. Na hili jino." Alitaka turudi kwenye selfi.

Kuna sababu mbili za kutomsikiliza, na zinakuhusu na wewe. Kwanza, sura unayoijua ni ya kwenye kioo, iliyogeuzwa kushoto kulia. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao katika hali mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kupenda iliyogeuzwa, na rafiki au mpenzi wa kila mmoja akaelekea kupenda ya kawaida. Kila mtu alichagua ile aliyoizoea. "Upande" alioulalamikia binamu yangu ndio uso ambao sisi tumeuona maisha yake yote. Pili, mwaka 2017 David White na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Australia ambamo watu walichagua kutoka picha zao wenyewe zile za kuweka kwenye wasifu, na wageni nao wakachagua kutoka picha zilezile. Zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizowapa watazamaji wengine maoni mazuri zaidi kuhusu mtu huyo. Sisi ni wachaguzi dhaifu wa nyuso zetu.

Kwa hiyo tafuta watu watatu au wanne, angalau wawili wasiokufahamu vizuri: rafiki wa dada yako, mfanyakazi mwenza wa kaka yako. Wawe wa jinsia na rika la yule unayemtafuta ikiwezekana. Waonyeshe picha mbili au tatu za mwisho, moja moja, kila moja kwa kitambo kifupi kisha ifiche. Usiulize "ipi nzuri?", maana watakujibu kwa adabu. Uliza, "Umeona nini kwanza?" na "Huyu ungemwomba akuelekeze njia?" Swali la kwanza hufichua kasoro ambazo macho yako yameshazizoea. Wawili kati ya wanne walioonyeshwa picha ya kibaraza walisema "anacheka." Mmoja akasema, "Ana nyumba yenye watu." Wa nne akasema, "Nimeona ndoo ya bluu."

Hatua ya sita: kata, kagua, pandisha

Ndoo ilikuwepo kweli, nyuma ya bega, pamoja na kamba ya nguo. Tulikata picha ikawa wima, kichwa na mabega, na kipande cha ungo chini. Acha nafasi ndogo juu ya kichwa, na uso uchukue kama theluthi ya urefu wa picha. Ukiukaza zaidi ya hapo utambana mtazamaji, ukiuacha mbali utarudi kwenye tatizo la punje ya mtama. Kisha hakikisha uso uko karibu na katikati ili duara dogo la orodha ya ujumbe lisikate paji. Usikate sana picha yenye ubora mdogo, itapasuka.

Kabla ya kupandisha, tembeza jicho pembe zote nne. Namba za gari, kitambulisho cha kazi shingoni, nembo ya shule kwenye shati, kibao cha mtaa, watoto wa watu: chochote kati ya hivyo kinampa mgeni njia ya kukufikia kabla hujaamua kufikiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya mbele isiwe ile uliyokwisha kuiweka Facebook au kwenye ukurasa wa kazi penye jina lako kamili, kwani kutafuta kwa picha mtandaoni kunaweza kuziunganisha hizo mbili. Na ile hati ya WhatsApp yenye ubora kamili inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, basi usimtumie mtu uliyefahamiana naye juzi.

Picha ya harusi tuliirudisha nafasi ya tatu, ambapo inaonyesha anavyotokea kwenye sherehe, na nafasi ya pili ikachukuliwa na nyingine ya mwili mzima aliyopigwa wiki hiyo sokoni. Ile ya mbele ataibadilisha akiacha miwani, akikata nywele kabisa, au ikitimiza mwaka, na mpwa ameshaambiwa aendelee kumwita ghafla.